Bei ya Mahindi Kwenye Kitochi

Soko la mahindi la Kibaigwa liko wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro. Bei inayotajwa pale asubuhi ndiyo ambayo mnunuzi anayeingia vijijini huanzia kupigia hesabu zake. Yeye anaijua mapema: ana simu janja, yumo kwenye magrupu mawili matatu ya WhatsApp, na hakosi mtu wake sokoni wa kumpigia. Mkulima anayekwenda kununua kwake ana kitochi, ile simu ya batani yenye tochi, ambayo akiichaji leo inamfikisha keshokutwa.

Mara nyingi mradi wa kumpelekea mkulima huyu bei za soko huanza kwa kutengeneza aplikesheni. Ina picha za mazao, ina grafu, na siku ya uzinduzi inapendeza. Kwenye kitochi, lakini, haiingii kabisa. Anayeipakua ni yule mnunuzi, ambaye sasa ameongezewa dirisha jingine la kuchungulia bei. Ukitaka kumfikia mwenye kitochi unabaki na njia ya zamani zaidi, ile ambayo kila mtu anaitumia kutuma pesa na kununua vifurushi: nyota, tarakimu, reli, piga. Kwa wataalamu inaitwa USSD.

Njia hii haihitaji intaneti. Ukipiga msimbo, simu yako haiongei na mtandao wa data. Inapitia njia ileile inayotumika kuutaarifu mnara kwamba simu inaita. Ombi linafika kwa kampuni ya simu, nayo inalipeleka kwenye seva ya mwenye huduma, seva inajibu kwa maandishi matupu, na maandishi hayo yanajitokeza kwenye kioo. Muda wote huo njia iko wazi baina ya simu na seva, kama watu wawili walio kwenye maongezi. Meseji ya kawaida ikikukosa inasubiri mpaka uwashe simu. USSD haisubiri. Ukichelewa kujibu, au seva ikichelewa, maongezi yanakatika na unaanza upya. Hata mwenye simu janja anayajua maneno `Connection problem or invalid MMI code`.

Jambo la pili la kujua ni udogo wa nafasi. Kila skrini ya USSD inabeba herufi 182 tu, nafasi na alama zikihesabiwa humo humo. Kiswahili kina bahati hapa kwa sababu herufi zake zote zimo katika orodha fupi ya alama ambayo simu zote zinaielewa. Lakini upo mtego mmoja mdogo. Mtu akiandika bei za mnadani kwenye kompyuta, programu yake inaweza kugeuza alama iliyonyooka katika neno ng'ombe ikawa ile iliyopinda. Iliyopinda haimo katika orodha. Skrini nzima inalazimika kutumia mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka 182 hadi 80. Maandishi yanakatwa katikati, na mtengenezaji anaweza kutafuta kosa siku nzima asilione, kwa kuwa machoni pake neno limekaa sawa.

Kwa nafasi kama hiyo, mpangilio wa menyu ndio unaoamua kama huduma itatumika. Nikuchoree menyu mbaya, ya aina inayopangwa na watu waliokaa ofisini. Skrini ya kwanza inauliza lugha. Ya pili inauliza mkoa, na kwa kuwa Tanzania Bara ina mikoa 26, majina hayaenei, kwa hiyo unabonyeza ‘Mengine’ ili kufika Dodoma au Manyara kulingana na walivyoyapanga. Kisha wilaya, kisha kundi la mazao, kisha zao, kisha soko, kisha jumla au rejareja. Mkulima amesoma skrini nane, na kila moja ilikuwa nafasi ya mtandao kukatika au kidole kukosea. Akikosea kwenye ya sita anarudi mwanzo. Mara ya pili hapigi tena; anampigia shemeji yake aliyeko Kibaigwa, na hapo shemeji ameishinda teknolojia.

Dawa yake haina makuu. Kila msimbo unapopigwa, seva inaiona namba ya simu iliyopiga. Kwa hiyo inaweza kukumbuka kwamba namba hii mara ya mwisho iliuliza mahindi, Kibaigwa, na ikaweka chaguo hilo juu kabisa ya skrini ya kwanza. Mzunguko mrefu afanye mara moja tu, siku ya kwanza, ikiwezekana akiwa na afisa ugani pembeni. Baada ya hapo ni kupiga, kubonyeza 1, na kusoma hivi:

```
Mahindi, KIBAIGWA
Leo 14/07 saa 4 asubuhi
Kilo 1: Sh 580-620
Gunia kilo 100: Sh 58000-62000
Jana kilo: Sh 570-610
0 Rudi
```

Hizo ni herufi 120 hivi, na bei zenyewe nimezitunga kwa ajili ya mfano. Skrini hiyo ikifungwa imepotea, maana USSD haiachi kumbukumbu kwenye simu. Ndiyo maana huduma iliyofikiriwa vizuri humalizia kwa kutuma bei ileile kwa meseji. Mkulima anapobishana na mnunuzi anataka kitu cha kuonyesha, na aliyeachwa nyumbani naye atakikuta kwenye simu.

Mstari wa kilo moja ndio ninaoupigania kuliko yote, kwa sababu ya lumbesa. Tuchukulie mkulima wa Kiteto ana magunia kumi yaliyoshindiliwa na kushonewa kilemba juu, kila moja lina kilo 120. Mnunuzi amefika nyumbani na anatoa Sh 50,000 kwa gunia. Huduma ya simu imemwambia mkulima kwamba gunia Kibaigwa ni Sh 60,000, basi. Anapiga hesabu: magunia kumi sokoni ni Sh 600,000. Usafiri, kupakia na kushusha tuseme ni Sh 8,000 kwa gunia, jumla Sh 80,000. Zinabaki Sh 520,000, na nyumbani anapewa Sh 500,000. Nani ahangaike na lori kwa ajili ya elfu ishirini? Anauza palepale.

Sasa mpe bei kwa kilo. Kibaigwa ni Sh 600. Mzigo wake si kilo 1,000, ni kilo 1,200, kwa hiyo sokoni ni Sh 720,000. Usafiri wa uzito huo, kwa kiwango kilekile cha Sh 80 kwa kilo, ni Sh 96,000. Anabaki na Sh 624,000. Tofauti na bei ya nyumbani ni Sh 124,000, na hiyo inatosha kumfanya atafute jirani wa kuchangia naye lori, au amwambie mnunuzi aongeze. Takwimu rasmi za bei ya jumla Tanzania hutolewa kwa gunia la kilo 100. Anayezichukua jinsi zilivyo na kuandika ‘gunia’ tu kwenye skrini amempa mkulima namba sahihi iliyomfikisha kwenye uamuzi mbovu. Nafasi ya kuongeza maneno ‘kilo 100’ ipo hata ndani ya herufi 182.

Hata namba sahihi kabisa ina mpaka wake. Marcel Fafchamps na Bart Minten walichunguza wakulima wa jimbo la Maharashtra, India, waliopewa huduma ya bei kwa meseji bila malipo, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2012. Kwa wastani, waliopewa huduma hawakuonekana kuuza kwa bei bora kuliko wasiopewa. Kwetu sababu mojawapo ya hali kama hiyo haihitaji mtafiti. Mkulima aliyekopa kwa mnunuzi wakati wa palizi, kwa ahadi ya kumlipa mahindi, hana pa kuipeleka bei ya Kibaigwa hata ikimjia kila asubuhi. Huduma ya bei inamsaidia mwenye mzigo ulio huru.

Je, aplikesheni haina kazi? Inayo, ila mahali pake pa kwanza ni sokoni, mkononi mwa karani anayekusanya bei. Karani wa daftari hupita kwa wafanyabiashara watatu wanne, anaandika, jioni anapiga simu makao makuu, na kule mtu anaingiza namba kwenye kompyuta. Katika safari hiyo 580 inaweza kugeuka 850. Karani mwenye aplikesheni anaingiza bei akiwa amesimama mbele ya mizani. Saa inajiandika yenyewe, na simu inajua kama kweli yuko Kibaigwa au amekaa nyumbani anakadiria. Akiandika bei iliyoruka sana kutoka ya jana, aplikesheni inamuuliza kabla ya kupokea. Mtandao ukikosekana, namba zinakaa kwenye simu hadi urudi. USSD haiyafanyi haya, na hata ingejaribu, kumpitisha karani kwenye mazao kumi na tano kwa skrini za herufi 182 ni kumtesa.

Mtumiaji mwingine anayeifaa ni afisa ugani, au katibu wa chama cha ushirika, anayetaka kuona mwendo wa bei wa miezi kadhaa ili awashauri wenzake kama waweke ghalani au wauze. Grafu ina maana kwake. Aplikesheni yenyewe pia ina hatari isiyoonekana: bila bando inaendelea kuonyesha bei ilizozihifadhi, na bei ya Jumanne inasomwa Ijumaa kana kwamba ni ya leo. Kinga ni tarehe, iandikwe kwa herufi kubwa kuliko bei.

Linabaki suala la nani analipa. Kila anayepiga msimbo anatumia muda wa mtandao, na gharama inakatwa kwenye salio la mkulima au kwa mwenye huduma. Ikikatwa kwa mkulima, asiye na salio hapati kitu, na salio la kijijini mara nyingi ni sifuri. Ikikatwa kwa mwenye huduma, wakulima wakiipenda bili inapanda, na siku ufadhili ukiisha msimbo unanyamaza. Juu ya hapo kuna kuunganisha msimbo na Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, kila kampuni kwa mkataba wake. Aplikesheni inawekwa mara moja, na wa laini yoyote anaipakua.

Katika bajeti hiyo mshahara wa karani ndio huwa wa kwanza kukatwa, kwa sababu msimbo unaendelea kufunguka hata asipokwenda sokoni. Skrini inaonyesha bei ya wiki iliyopita na hakuna anayelalamika mpaka mtu apeleke mzigo wake. Kanuni ya kuzuia hilo ni mistari michache kwenye seva: bei ikipita siku mbili bila kuhuishwa, namba iondolewe na mahali pake paandikwe ‘Hakuna bei mpya ya Kibaigwa’, pamoja na tarehe ya mwisho ambayo karani alifika sokoni.