Michango ya Harusi na Nadharia Isiyolazimishwa

Tuseme mwanafunzi wa sosholojia ameandika insha kuhusu michango ya harusi Dar es Salaam, akitumia nadharia ya zawadi ya Mfaransa Marcel Mauss, iliyochapishwa mwaka 1925. Mauss aliona zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha.

Katika insha dhaifu, kila kitu hugeuka zawadi: kadi ya mchango, ukumbi, hata pilau. Msahihishaji akiona hakuna kinachopingana na nadharia, ashuku kwamba mfano umepunguzwa ili uenee.

Insha nzuri huonyesha kwanza panapokubaliana. Mzazi anatunza daftari la waliomchangia, na zamu yao ikifika naye anatoa. Hapo Mauss anatufaa kweli. Kisha huonyesha panapogoma: kamati inapopanga kiwango cha chini, aliyekifikia anapewa kadi ya mwaliko na aliyepungukiwa anakosa. Hilo linakaribia kununua tiketi, maana malipo yanarudi usiku uleule kwa chakula na kiti.

Alama nyingi zitoke hapo. Kuandika tu kwamba “nadharia ina mapungufu” hakutoshi. Lakini mwanafunzi akithibitisha, kwa mahojiano yake, kuwa wajibu wa kurudisha unawabana ndugu na majirani kuliko wafanyakazi wenzake walioombwa kwa ujumbe wa simu, ameonyesha nadharia inakoishia. Huyo anastahili alama za juu, hata kama hitimisho lake ni dogo kuliko alivyoahidi mwanzoni.