Hadithi ya Mtoto Usiyemjua

Mzazi anakuandikia: “Nitungie hadithi ya kumlaza mtoto.” Basi. Umri hakuutaja, wala anachopenda mtoto, wala urefu. Ukiweza kuuliza jambo moja tu, uliza umri: wa miaka 3 hufurahia maneno yanayorudiwarudiwa, wa miaka 8 huyachoka upesi.

Usipopata jibu, tunga hadithi inayoweza kurefushwa au kufupishwa. Sungura kapoteza mkeka wake. Anamuuliza kobe, kisha kanga, kisha punda, na kila mmoja anamjibu huku akipiga miayo. Msomaji akiona macho ya mtoto yamelegea, huwaruka wanyama waliobaki na kwenda moja kwa moja mkeka unapopatikana. Mtoto akiwa bado macho, anamwongeza mbuzi. Fisi mwache kwanza, maana hujui kama mtoto huyo ni mwoga.