Kwa Nini Matairi Huvuma?

Simama siku moja mahali salama, mbali kidogo na ukingo wa barabara ya lami, usikilize gari dogo linalokuja kwa kasi. Kabla halijakufikia utasikia mvumo. Watu wengi hudhani kwamba mvumo huo ni wa injini. Lakini dereva akiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, injini hutulia, na mvumo huendelea karibu vilevile. Gari dogo linapozidi mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, sehemu kubwa ya sauti yake hutoka kwenye matairi. Tairi limetengenezwa kwa mpira, na mpira ni kitu laini. Je, kitu laini huwezaje kupiga kelele kiasi hicho?

Litazame tairi la gari lililosimama. Uso wake unaokanyaga barabara si laini kama mpira wa kuchezea. Umekatwa mifereji, na kati ya mifereji kuna vipande vya mpira vilivyoinuka. Vipande hivyo tutaviita meno ya tairi. Mifereji ina kazi kubwa: wakati wa mvua hupitisha maji, ili meno yaweze kushika barabara. Tairi lililokwisha meno, ambalo watu huliita kipara, huteleza juu ya maji, na gari huweza kumshinda dereva.

Sasa chukua kitana. Pitisha ukucha wako juu ya meno yake polepole. Utasikia kila jino likilia peke yake: ti, ti, ti. Pitisha ukucha kwa haraka zaidi. Sasa husikii tena jino mojamoja, bali unasikia sauti moja inayoendelea. Ukiongeza kasi, sauti hiyo huwa nyembamba zaidi. Jambo hilihili hutokea barabarani. Tairi linapozunguka, kila jino hufika chini na kuipiga lami. Pigo moja ni dogo sana. Lakini mapigo yakifuatana upesi na kwa nafasi zilizo sawa, sikio huyaunganisha yakawa mvumo mmoja.

Tunaweza kuyahesabu mapigo hayo. Tairi la kawaida la gari dogo, likizunguka mara moja, huenda mbele kiasi cha mita 2. Tuseme kwamba tairi letu lina meno 60 katika mstari mmoja unaolizunguka, na kwamba gari linakwenda mwendo wa kilomita 72 kwa saa. Kilomita 72 ni mita 72,000, na saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo gari linakwenda mita 20 katika kila sekunde. Ili kwenda mita 20, tairi huzunguka mara 10. Kila mzunguko huleta mapigo 60, kwa hiyo katika sekunde moja lami hupigwa mara 600. Dereva akipunguza mwendo hadi kilomita 36 kwa saa, mapigo huwa 300, na mvumo huwa mnene zaidi. Ndiyo maana unaweza kujua kwa masikio tu kwamba gari linapunguza mwendo, hata kama umefumba macho.

Watengenezaji wa matairi walilitambua jambo hili zamani, wakatafuta njia ya kuuvunja mvumo. Fikiri juu ya wanafunzi wanaocheza gwaride. Miguu yote hukanyaga pamoja, na kishindo husikika mbali. Wanafunzi walewale wakitembea kwenda nyumbani, kila mmoja kwa hatua yake, kishindo hupotea. Husikika mchakacho tu. Idadi ya miguu ni ileile, ila haikanyagi tena kwa mpangilio mmoja. Basi katika tairi zuri la gari dogo meno hayalingani urefu. Mengine ni mafupi, mengine ya wastani, mengine marefu kidogo, nayo yamechanganywa bila kufuatana kwa zamu. Tena meno ya upande wa kulia hayakukaa sambamba na yale ya upande wa kushoto. Mapigo hayafiki kwa nafasi zilizo sawa, na badala ya mvumo mkali unasikia mchakacho mdogo kama wa upepo. Chukua rula upime meno ya tairi halisi, nawe utaona tofauti hiyo. Usishangae ikiwa ni ya milimita chache tu. Kwa sikio, inatosha.

Meno hayapigi kelele peke yake. Hewa nayo imo katika kazi hii. Kunja viganja vyako kama bakuli, kisha upige makofi. Sauti yake ni nzito kuliko ya makofi ya kawaida, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati imebanwa na kusukumwa nje kwa ghafula. Tairi linapokanyaga lami, hewa iliyo katika mifereji hubanwa vivyo hivyo. Ikiwa mfereji una njia ya kutokea pembeni, hewa hutoka taratibu. Ikiwa ni kishimo kilichozibwa pande zote, hewa hutoka kwa kishindo.

Tuje kwenye mpira wenyewe. Mpira wa tairi si utomvu wa mti peke yake. Huchanganywa na mpira uliotengenezwa kwa mafuta ya petroli, na masizi, ambayo hulipa tairi nguvu na rangi nyeusi, na salfa pamoja na vitu vingine. Kwa kubadili vipimo vya mchanganyiko huo, kiwanda huweza kutoa mpira laini au mpira mgumu. Angusha raba ya kufutia juu ya meza, kisha uangushe kipande cha mti chenye ukubwa uleule. Mti hulia zaidi. Vivyo hivyo jino la mpira laini hubonyea linapogusa lami, na pigo lake hufifia. Jino gumu hugonga. Lakini mpira laini huisha upesi, na hapo mtengenezaji hana budi kuchagua kati ya ukimya na maisha marefu ya tairi. Tena mpira haubaki kama ulivyotoka kiwandani. Jua, joto na hewa huufanya ukauke na kuwa mgumu mwaka baada ya mwaka, hata kama tairi limewekwa tu bila kutumiwa. Tairi la zamani huweza kuwa na meno marefu na bado likavuma, tena likashika barabara vibaya.

Kuna mvumo mwingine, ambao hauletwi na kiwanda bali na matumizi. Vitazame viatu vyako vya zamani. Huenda kisigino kimelika upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu ya namna unavyokanyaga. Matairi nayo hulika hivyo. Ikiwa magurudumu hayakunyooka sawasawa, tairi huburutwa kidogo upande kila linapozunguka. Basi kila jino hulika ukingo mmoja kuliko mwingine, na uso wa tairi huwa kama msumeno. Dereva huweza kulitambua jambo hili bila chombo chochote. Gari likiwa limesimama na kuzimwa, hupitisha kiganja polepole juu ya meno, kwanza kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Upande mmoja kiganja huteleza. Upande wa pili hukwama kwenye kingo kali. Vyombo vya kuzuia mtikisiko, ambavyo mafundi huviita shokapu, vikichoka, madhara huwa ya namna nyingine. Gurudumu hurukaruka, na tairi hulika mahali mahali, likawa na mabonde. Sauti yake huja kwa mawimbi: vuu, vuu, vuu.

Hebu tumfuate dereva mmoja wa teksi ambaye gari lake limeanza kuvuma upande wa nyuma. Mvumo ulianza kidogo, ukakua kwa muda wa miezi michache. Yeye ana hofu kwamba beringi ya gurudumu imeharibika. Hofu hiyo ni ya haki, maana beringi ikivunjika gurudumu huweza kukwama au kutoka gari likiwa mwendoni. Atajuaje? Kwanza anasikiliza gari linapotoka kwenye lami mbovu yenye kokoto na kuingia kwenye lami mpya. Mvumo unapungua. Mvumo wa beringi haujali sana aina ya barabara, lakini wa tairi hujali. Kisha anasikiliza kwenye kona. Beringi mbovu mara nyingi hulia zaidi gari linapopinda upande mmoja, kwa kuwa uzito humwelemea. Hapa mvumo haubadiliki. Mwisho anakwenda gereji, na fundi anahamisha magurudumu ya nyuma kuyaweka mbele, na ya mbele kuyaweka nyuma. Gari linaporudi barabarani mvumo unatoka mbele. Beringi haikuhamishwa, kilichohama ni matairi. Basi kosa ni la matairi. Fundi anayapapasa na kukuta meno ya msumeno, anapima mwelekeo wa magurudumu na kuunyoosha. Mvumo hautaisha siku hiyo, kwa sababu mpira uliolika haurudi. Lakini matairi yatakayonunuliwa baadaye hayatalika kwa namna hiyo.

Dereva huyo akienda dukani, ataangalia nini? Atachagua meno madogo yasiyolingana urefu, si meno makubwa yaliyoachana. Kati ya matairi yanayolifaa gari lake, lililo jembamba kwa kawaida huwa kimya kuliko lililo pana. Kisha atatafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT. Mwishoni mwa maandishi hayo mna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Anayenunua matairi ya mtumba asiache kamwe kuzisoma tarakimu hizo, maana rangi nyeusi ya kupaka huficha umri lakini haiwezi kulainisha mpira.

Matairi yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hubandikwa karatasi inayoonyesha kelele zake kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 2012, na tangu mwaka 2021 karatasi huwa pia na herufi A, B au C. A ndilo tairi lenye kelele ndogo. Gari hupimwa likipita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini ikiwa imezimwa, na vinasa sauti vikiwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia. Zingatia kwamba vinasa sauti viko nje. Namba hiyo humhusu zaidi mtu anayeishi kando ya barabara kuliko abiria aliyeketi ndani.

Si kila gari linalohitaji tairi la kimya. Gari la kubebea mazao kutoka shambani wakati wa masika huhitaji meno makubwa na mifereji mipana inayochimba tope na kulitema. Likifika kwenye lami litanguruma, na mwenyewe hana la kufanya ila kupunguza mwendo.

Zoezi: Tairi lenye meno 70 huenda mita 2 kwa kila mzunguko. Gari likienda kilomita 36 kwa saa, lami hupigwa mara ngapi katika sekunde moja? Je, mvumo wake utakuwa mwembamba au mnene kuliko ule wa tairi letu la meno 60 kwa mwendo uleule?