Waraka wa Makabidhiano (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza kwamba mitambo ya akili mnemba inayotunga maneno haikumbuki kama akumbukavyo mwanadamu, bali kila inapojibu huyapitia upya mazungumzo yote yaliyotangulia, na kwamba yapo mazungumzo marefu kupita kiasi inachoweza kupitia, ambapo ya mwanzo hudondoshwa au hufupishwa. Leo tuutazame waraka uandikwao kabla ya hapo, ili kazi iendelee katika mazungumzo mapya, ambayo hayatajua lolote ila lililomo warakani.

Tuseme karani wa chama cha ushirika anatengeneza, kwa msaada wa mtambo huo, programu ndogo ya Python ya kujumlisha malipo ya wanachama kutoka faili `malipo.csv`, ambalo benki humletea jipya kila mwezi. Tarehe zake hutanguliza siku, kama ilivyo ada yetu. Walakini maktaba ya `pandas`, isipoelekezwa vingine, huisoma 03/04/2024 kuwa tarehe 4 Machi, kimya kimya, na malipo ya Aprili yakaingia katika hesabu ya Machi. Baada ya mashauriano marefu, dawa ikapatikana: kuongeza `dayfirst=True` katika `soma.py`.

Muhtasari dhaifu utasema kwamba tatizo la tarehe limetatuliwa, kauli ya kweli isiyomfaa mtu, maana haitaji faili wala neno lililobadilishwa. Ulio bora utayataja yote mawili, kisha utaongeza jambo ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni njia iliyokataliwa pamoja na sababu yake: faili halisahihishwi kwa mkono, kwa kuwa mwezi ujao litakuja jingine lenye ila ile ile. Sababu hiyo isipoandikwa, mazungumzo mapya yatalipendekeza shauri lile lile kwa bashasha, na karani ataanza hoja upya.

Hatari nyingine imo katika kuchanganya lililofanywa na lililothibitishwa. Ikiwa 03/04/2024 imejaribiwa ikatoka 3 Aprili, na iandikwe hivyo. Na ikiwa jumla ya Aprili haijalinganishwa na taarifa ya benki, hilo nalo liandikwe bayana, ndiyo hatua ifuatayo. Masharti ya karani mwenyewe yanakiliwe kwa maneno yake, kwani amri ya kutoligusa faili la asili, ikisimuliwa mara mbili tatu, hulegea ikawa pendekezo tu. Majaribio yaliyoshindwa kwa kosa la tahajia, salamu, na mabishano yaliyokwisha, hayana haja ya kuhamishwa.

Waraka ukishaandikwa, karani afungue `soma.py` na kulinganisha neno kwa neno, kwa maana mtambo wenyewe ukiachiwa kuuandika huweza kutaja badiliko lililozungumzwa tu, ambalo faili halijapata kuliona. Namna ya kugawa waraka huo kazi inapokuwa na mafaili mengi tutaieleza toleo lijalo.