Samaki aliyewasha: tazama vipezi vya mkiani

Mama mmoja wa Laare alifika kwangu na wanawe wawili, nyuso zikiwa nyekundu, vichwa vikiwagonga na mioyo ikidunda kasi. Walikuwa wamekula samaki wa kukaanga nusu saa tu iliyotangulia. "Daktari, bila shaka sisi hatupatani na samaki," akasema. Muuzaji alikuwa amemwambia kuwa ni changu.

Msomaji, mzio humpata mtu mmoja mezani. Wakiugua wote waliokula, shuku samaki mwenyewe. Nilimwomba kijana wake mkubwa arudi sokoni akapige picha ya samaki waliobaki, ubavuni, kuanzia kichwa hadi mkia.

Changu ana mwili mpana uliobanwa ubavuni, na pezi moja refu la mgongoni lenye miiba mbele. Aliyekuwa pichani alikuwa mviringo, amechongoka pande zote mbili, mgongo wa buluu iliyokolea na tumbo la fedha. Alikuwa na mapezi mawili mgongoni. Baada ya pezi la pili, juu na chini, palikuwa na safu ya vipezi vidogo vidogo hadi kwenye mkia wenye umbo la mwezi mchanga. Huyo ni wa jamii ya jodari. Nguru na vibua pia wana vipezi hivyo.

Kwa nini jamii hii? Nyama yake ina histidini nyingi. Samaki akikaa bila barafu ya kutosha, bakteria huigeuza kuwa histamini, na kutoka pwani hadi vilima vya Nyambene ni mamia ya kilomita. Histamini haiharibiwi na moto, hivyo kukaanga sana hakusaidii. Mara nyingine ulimi huhisi ukali kama wa pilipili, lakini samaki anaweza kuonekana na kunuka vizuri.

Niliwapa dawa ya kuzuia histamini, na kufikia kesho yake walikuwa wazima. Sikumkataza mama samaki maishani, kama ningefanya kwa mwenye mzio.

Picha ina mipaka yake. Inakuambia ni jamii gani, haikuambii kama histamini imo. Rangi hufifia samaki akifa, kwa hiyo tegemea umbo na vipezi kwanza. Aliyekatwa vipande hatambuliki hivyo. Na dagaa wa baharini, wasio na vipezi hivyo, wanaweza pia kuleta sumu hii.

Basi, ukiwa kibandani, omba kumwona samaki mzima. Ukiona vipezi vya mkiani, nunua tu aliyezikwa katika barafu, si aliyetandazwa juani. Ukihisi ulimi unawasha, acha kula. Pumzi ikibana au midomo ikivimba, kimbilia hospitali mara moja.