Nahitaji ngapi kwenye jaribio la mwisho?

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Shuleni kwao, ukitaka kubaki mkondo wa sayansi lazima wastani wako wa majaribio matano ya Hisabati ufike 70. Ameshafanya manne, akapata 62, 71, 58 na 74. Jioni moja akaniambia, "Dada, nimepiga hesabu. Nikipata 74 tena, nimepita."

Nikamwomba anionyeshe alivyopata hiyo 74. Alichukua wastani wa majaribio manne, yaani 66.25, akatafuta namba ambayo ukiijumlisha na 66.25 kisha ukagawanya kwa mbili, unapata 70. Ikatoka 73.75. Inaonekana sawa kabisa, si ndiyo? Kwa bahati mbaya, siyo. Ngoja tuanze mwanzo.

Wastani ni nini hasa? Unakusanya alama zote, halafu unazigawa sawasawa kwa kila jaribio:

wastani = jumla ya alama ÷ idadi ya majaribio

Kawaida tunajua alama zote na tunatafuta wastani. Safari hii wastani tunautaka, ila alama moja hatuijui. Hiyo tusiyoijua tuiite x, tuiandike mahali pake kama vile ni namba ya kawaida:

(62 + 71 + 58 + 74 + x) ÷ 5 = 70

Zile nne tunazozijua tuzijumlishe kwanza, tunapata 265:

(265 + x) ÷ 5 = 70

Sasa tunataka x ibaki peke yake. Kuna vitu viwili vimeishikilia: imejumlishwa na 265, kisha vyote vikagawanywa kwa 5. Tunavitengua kwa kurudi kinyumenyume, kama unavyovua viatu kabla ya soksi. Kugawanya kulikuja mwisho, kwa hiyo tunakutengua kwanza. Kinyume cha kugawanya ni kuzidisha, basi tunazidisha pande zote mbili kwa 5:

265 + x = 350

Hapa usipite haraka. Hiyo 350 ina maana yake: ukitaka wastani wa 70 kwa majaribio matano, lazima mfukoni uwe na alama 350 kwa jumla. Huyu kijana anazo 265. Zinazobaki ndizo x:

x = 350 − 265 = 85

Kumbe anahitaji 85, siyo 74! Usiniamini tu, rudisha jibu kwenye kanuni. 265 + 85 = 350, na 350 ÷ 5 = 70. Imekubali. Jaribu na ile 74 yake: 265 + 74 = 339, na 339 ÷ 5 = 67.8. Angekosa nafasi huku akiamini amepita.

Alikosea wapi, basi? Alipogawanya kwa mbili, aliupa wastani wa majaribio manne uzito sawa na jaribio moja. Ile 66.25 imebeba majaribio manne ndani yake. Jaribio la mwisho ni moja kati ya matano, kwa hiyo kila alama 5 unazoongeza hapo zinapandisha wastani kwa 1 tu.

Kuna njia nyingine ya kuhakiki, hata bila x. Linganisha kila alama na 70. Ile 62 imepungukiwa 8, 71 imezidi 1, 58 imepungukiwa 12, na 74 imezidi 4. Pungufu ni 20, ziada ni 5, kwa hiyo kuna deni la 15. Jaribio la mwisho lazima lilipe deni lote: 70 + 15 = 85. Jibu ni lilelile.

Mara nyingine jibu linakuja la ajabu. Tuseme angetaka wastani wa 75. Zingehitajika alama 375, na x ingekuwa 110. Kama jaribio lina alama 100, hapo hesabu haijakosea. Inakuambia tu kwamba 75 haifikiki tena. Hata akipata 100, wastani wake utakuwa 73.

Jambo la mwisho la kuuliza kabla ya kuanza: je, majaribio yote yana uzito sawa? Kama mwalimu angehesabu la mwisho mara mbili, tungeandika (265 + 2x) ÷ 6 = 70, na x ingeshuka hadi 77.5.

Nilimuuliza hilo mdogo wangu. Akasema yote ni sawa. Akaitazama 85 kwa muda, akafuta 74 daftarini, akaenda kutafuta maswali ya lile jaribio alilopata 58.