Alichokisema Mama wa Genge

Ni nadra shahidi kusimulia tukio kwa mpangilio. Huanza na kilichomtia hofu, akarudi nyuma kueleza alikuwa wapi, akaruka mbele hadi polisi walipofika, kisha akakumbuka jambo lililotokea mwanzo kabisa. Mpelelezi anayemsikiliza huandika haraka katika daftari lake, nusu sentensi hapa, jina pale. Ndani ya saa moja au mbili anatakiwa kuugeuza mkorogo huo kuwa maelezo ya maandishi ambayo mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi na hakimu watayasoma miezi mingi baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayofika kila mara katika vituo vya polisi nchini Tanzania. Pikipiki ya bodaboda imeporwa usiku, na mama mwenye genge la mboga jirani na eneo hilo ameitwa kituoni kesho yake. Daftari la mpelelezi linasomeka hivi:

"Walimnyang'anya yule kijana pikipiki yake, afande, na mmoja namjua, ni wa pale gereji. Nilipiga yowe. Nilikuwa nimeshaanza kufunga genge, kama saa mbili, adhana ya Isha ilishapita. Yule mwingine simjui. Alimkata mkono na panga. Taa ilikuwepo. Wakakimbilia njia ya mtoni, mwanangu aliwaona. Kwanza walijifanya abiria."

Kazi ya kwanza ni kupanga mambo kwa saa. Abiria wa uongo wanakuja mwanzo, kisha kufunga genge, panga, yowe, na mwisho kukimbia. Hapo hakuna ugumu, na mwandishi yeyote makini ataweza. Ugumu uko kwenye mapengo, na kosa kubwa la waandishi wengi wa maelezo ni kuyajaza wao wenyewe badala ya kumrudia shahidi na kumuuliza.

Tazama sentensi ya panga. Wavamizi ni wawili na mama hakusema ni nani aliyekata. Katika daftari sentensi hiyo imekaa baada ya "yule mwingine simjui", lakini shahidi anayeruka ruka namna hii huenda alikuwa amerudi kwa yule wa gereji. Mpelelezi mwenye haraka atachagua mmoja na kusonga mbele. Akichagua wa gereji, ameliweka panga mkononi mwa mtu kwa kalamu yake mwenyewe. Swali linalotakiwa ni fupi: "Mama, aliyekata ni yupi kati ya wale wawili, na wewe ulikiona kitendo chenyewe?" Katika mfano wetu mama anajibu kuwa ni yule asiyemfahamu, na kwamba aliliona panga likishuka.

Pengo la pili ni lile neno "taa ilikuwepo". Katika hukumu ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitaja mambo ya kuangaliwa pale shahidi anapodai kumtambua mtu katika mazingira magumu: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwa mzuri au hafifu, na kama alimfahamu kabla. Kesi nyingi za wizi wa usiku zimevunjika hapo. Kwa hiyo mpelelezi anauliza taa ilikuwa ya aina gani, ilining'inia wapi, iliangaza upande upi. Mama anasema ni balbu ya umeme nje ya duka la jirani, na watu wale walisimama chini yake wakipatana nauli. Umbali anauonyesha kwa kidole: "kama kutoka hapa hadi kwenye lile dirisha." Maneno hayo hayamsaidii hakimu ambaye hataliona dirisha. Yanapimwa papo hapo kwa hatua, na maelezo yanabeba yote mawili, makadirio ya mama na idadi ya hatua.

Yule wa gereji naye anahitaji zaidi ya kutajwa. Amemjua tangu lini, huonana naye mara ngapi, anamwitaje? Na je, jina hilo alilitaja kwa nani kwanza? Mahakama ya Rufani katika shauri la Marwa Wangiti Mwita ilisema kuwa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwake. Kama mama alimtajia balozi wa mtaa usiku uleule, jambo hilo ni lazima liandikwe, na balozi mwenyewe aandike maelezo yake.

Saa nazo zina mtego wake. Mama amesema saa mbili, lakini kumbukumbu nyingi za polisi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Anayebadili bila kufikiri ataandika 02:00 badala ya 20:00, na tukio litakuwa limehamia saa nane usiku, wakati genge limefungwa na mama amelala. Ile adhana ya Isha ndiyo ya kushikilia, kwa sababu yeyote anaweza kuikagua.

Kuhusu njia ya mtoni, mama hakuiona. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka shahidi aeleze alichokiona au kukisikia mwenyewe. Lakini kuifuta sentensi hiyo ni kumpoteza shahidi mwingine. Inaandikwa kama ilivyo, kwamba mwanawe alimwambia, kisha mwana anaitwa.

Baada ya maswali hayo, kipande cha maelezo kinasomeka hivi:

"Majira ya saa 2 usiku, adhana ya Isha ikiwa imeshapita, nilikuwa nafunga genge langu. Niliona vijana wawili wakipatana nauli na dereva wa bodaboda chini ya balbu ya umeme iliyo nje ya duka la jirani, umbali wa kama hatua kumi kutoka nilipokuwa. Mmoja namfahamu, hufanya kazi pale gereji, na huwa namwona karibu kila siku. Wa pili simfahamu. Huyo wa pili alitoa panga akamkata dereva mkononi. Nilipiga yowe. Sikuona walikoelekea, mwanangu aliniambia walikimbilia njia ya mtoni."

Sauti bado ni ya mama. Hakuna "mtuhumiwa" wala "eneo la tukio", maneno ambayo muuza mboga hayatumii. Lugha ya kituoni ikiingia kinywani mwa shahidi huonekana upesi, hasa pale mashahidi watatu wa kesi moja wanapokuwa na sentensi zinazofanana hadi nukta. Wakili wa utetezi huziweka karatasi hizo sambamba, na kazi yake imekuwa nyepesi. Anaweza pia kumhoji shahidi kizimbani kwa maelezo yake ya awali. Pambo dogo la mwandishi, tuseme "kijana mrefu" ambalo mama hakulisema, ndilo atakalobanwa nalo.

Kisha anasomewa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaelekeza shahidi aonyeshwe au asomewe maelezo kwa lugha anayoielewa, na awe huru kufafanua au kuongeza. Askari naye huthibitisha chini yake kwamba ameyaandika kwa usahihi. Mama anasikiliza, anamkatiza: "Hapana, afande, sikuwa nafunga bado, nilikuwa nahesabu hela." Neno la zamani halifutwi kwa wino mzito. Linapigwa mstari mmoja ili lisomeke, jipya linaandikwa juu yake, mama anaweka saini pembeni au dole gumba kama hajui kuandika, kisha anasaini kila ukurasa.

Daftari halitupwi. Mama akifariki kabla ya kesi, sheria inaruhusu maelezo yake yatolewe mahakamani bila yeye, kwa masharti: yawe na saini yake na tamko kuwa ni ya kweli, upande wa pili upewe nakala, na usiwasilishe pingamizi ndani ya siku 10. Kama hakujua kusoma, aliyemsomea naye lazima aeleze kwa maandishi kwamba alimsomea.